Kamba, tropomiosini na koo linalobana

*"Daktari, shikamoo. Nina miaka 34, nimekulia Tanga na kamba nimekula tangu utotoni. Mwaka jana nilianza kuwashwa midomo kila nikiwala, nikapuuza. Miezi miwili iliyopita nilikula kamba wa nazi, na baada ya kama dakika ishirini nikatoka mabaka mwili mzima, nikatapika, koo likabana na kizunguzungu kikanishika. Nilipewa piritoni nikalala, asubuhi nikaamka mzima. Siku hiyo nilikuwa nimemeza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, na nina pumu. Mama anasema kamba hawakuiva na vichwa havikutolewa. Jirani anasema ni madini joto ya baharini. Je, nikiwachemsha sana naweza kuwala? Samaki na pweza je? Mwanangu wa miaka mitano naye anawapenda."*

Marahaba, dada yangu. Naanza na lililo la haraka: usile kamba tena, hata mmoja, hata kwa kuonja, mpaka utakapoonwa na daktari na kupimwa. Kilichokupata si mchafuko wa tumbo. Ngozi, tumbo, koo na mzunguko wa damu vilishambuliwa kwa pamoja ndani ya nusu saa tangu ulipokula, na mzio wa namna hiyo unaitwa anafilaksia, yaani mzio unaoweza kuua. Kwamba uliamka mzima asubuhi ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini si piritoni iliyokuokoa, na kwa nini nasema hivyo nitaeleza baadaye.

Mama yako anastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa anachosema ndicho wanachosema watu wengi wa pwani, na kwa chakula kilichooza au chenye vijidudu angekuwa sahihi. Kamba asiyeiva vizuri anaweza kumharisha mtu. Ila kuharisha kwa vijidudu kwa kawaida huanza baada ya saa kadhaa, na hakuleti mabaka yanayowasha wala koo kubana. Kinachokudhuru wewe kimo ndani ya nyama ya kamba aliye mzima, safi na aliyetoka baharini asubuhi hiyohiyo. Kukata kichwa na kuvuta ule mshipa mweusi wa mgongoni, ambao kwa kweli ni utumbo wake, ni usafi mzuri wa jikoni, lakini hakuondoi kitu hicho, kwa sababu kinakaa kwenye msuli, yaani kwenye nyama yenyewe tunayoila.

Kitu hicho ni protini inayoitwa tropomiosini. Kila mnyama mwenye misuli anayo, nasi tunayo, na kazi yake ni kusaidia kuongoza msuli ukaze lini na ulegee lini. Ilipofika mwaka 1993 watafiti walikuwa wameshaonyesha kwamba ndiyo chanzo kikuu cha mzio wa kamba. Umbo lake ndilo linaloeleza karibu kila ulichoniuliza. Ni nyuzi mbili ndefu, kila mmoja umejisokota wenyewe, kisha zote mbili zikasokotana pamoja, kama nywele za twisti. Protini nyingi za chakula ni madonge yaliyokunjwa kwa ustadi, na moto ukiyafikia hukunjuka, yakashikana ovyo na kupoteza sura yake kabisa. Ute wa yai unapogeuka mweupe kikaangoni, hayo ndiyo yanayotokea. Tropomiosini haiendi hivyo. Moto huzitenganisha nyuzi zake, lakini chakula kikipoa zinasokotana tena na sura ya awali inarudi. Zaidi ya hapo, kingamwili nyingi zinazoitambua hazihitaji hata sura nzima, kwa kuwa zinashika vipande vifupi vilivyopangika kwenye urefu wa uzi, na vipande hivyo vipo nyuzi zikiwa zimesokotwa au zimeachana.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kuchemsha ni hapana. Ukichemsha kamba kwa dakika tano au kwa saa nzima, tropomiosini inabaki na uwezo wake wa kukudhuru. Ndimu na siki nazo hazikusaidii, na asidi ya tumbo huimeng'enya polepole, ikiacha vipande ambavyo kingamwili bado zinavitambua. Tena protini hii huyeyuka kwenye maji, na kwa hiyo sehemu yake hutoka kwenye nyama na kuingia kwenye mchuzi. Mtu anayemwondoa kamba kwenye sahani yako kisha akakupa wali na mchuzi wa nazi uleule hajakuondolea hatari. Hata mvuke wa sufuria unaotokota hubeba chembechembe zake hewani, na wafanyakazi wa viwanda vya kaa na kamba katika nchi mbalimbali wamepata pumu kwa kuvuta mvuke huo siku baada ya siku bila kula chochote. Kwa kuwa wewe tayari una pumu, usikae jikoni kamba wanapopikwa.

Sasa, kwa nini umri huu, na si utotoni? Mzio hauji siku ya kwanza ya kula. Mwili unahitaji kwanza kuikosea protini, kuidhani adui, na kutengeneza kingamwili za aina ya IgE zinazoifahamu hiyo tu. Kingamwili hizo hujipachika juu ya seli fulani zilizojaa histamini, ambazo zimetapakaa kwenye ngozi, njia ya hewa, utumbo na kandokando ya mishipa ya damu, na hapo zinasubiri. Mtu anaweza kula kamba kwa miaka thelathini kabla mwili wake haujafanya kosa hilo. Mzio wa maziwa na mayai kwa kawaida huanza utotoni na watoto wengi huupita, lakini wa kamba na kaa mara nyingi huanza ukubwani, na kwa walio wengi hubaki maisha yote.

Kosa lenyewe huenda halikuanzia mezani. Utitiri wa vumbi, wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na mito, nao wana tropomiosini, na kwa takriban asilimia 80 inalingana na ya kamba. Mende pia wanayo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 uliwachunguza Wayahudi wanaoshika sheria za dini yao kuhusu chakula, watu ambao hawajawahi kula kamba, lakini wana mzio wa utitiri. Baadhi yao walikutwa na kingamwili zinazoshika tropomiosini ya kamba. Hewa ya pwani yetu ni ya unyevunyevu, na utitiri hupenda unyevu. Mtu mwenye pumu anayelala kwenye godoro la miaka mingi huenda amekuwa akiivuta protini hii kila usiku. Siwezi kusema kwa hakika kwamba ndivyo ilivyokuwa kwako, lakini ni njia inayojulikana, na ni sababu mojawapo ya kumweleza daktari habari za pumu yako pamoja na habari za kamba.

Ukali wa tukio lako unataka maelezo marefu kidogo. Ili ile seli yenye histamini ifunguke, protini moja lazima ishike kingamwili mbili au zaidi kwa wakati mmoja, kuziunganisha. Tropomiosini ni ndefu na ina sehemu nyingi za kushikwa, kwa hiyo uzi mmoja huunganisha kingamwili kadhaa. Nayo si protini adimu inayopatikana kwa chembe, kwani imo kwa wingi katika kila tonge la nyama ya kamba. Kwa kuwa imenusurika moto na kwa sehemu imenusurika tumbo, hufika kwenye utumbo, ikapenya kwenye damu na kusambaa mwili mzima ikiwa bado na makali yake. Hapo seli za kila mahali hufunguka karibu kwa pamoja. Kwenye ngozi hutokea mabaka, tumboni hutokea kutapika, kwenye koo na mapafu njia ya hewa huvimba na kubana. Lakini la hatari linalosahaulika ni la mishipa ya damu. Kuta zake hulegea na kuvuja, na katika anafilaksia kali zaidi ya theluthi moja ya majimaji ya damu inaweza kutoka kwenye mishipa na kuingia kwenye nyama za mwili ndani ya dakika kumi. Moyo unabaki ukipiga bila damu ya kutosha ya kusukuma. Kile kizunguzungu ulichokihisi ndicho kilichonitia wasiwasi kuliko mabaka yote.

Mambo mawili uliyoyataja pembeni huenda ndiyo yaliyoligeuza kuwasha kwa midomo kukawa anafilaksia. La kwanza ni diklofenaki. Dawa za maumivu za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, zinaweza kuurahisishia mwili kupokea protini kutoka utumboni na kuzifanya seli za histamini ziwe nyepesi kufunguka. Pombe na mazoezi mazito karibu na wakati wa kula nayo hufanya hivyo. Ndiyo maana mtu hula kamba kumi wiki hii akawashwa tu, na wiki inayofuata akala watatu akaanguka. La pili ni pumu. Wengi wanaokufa kwa mzio wa chakula ni watu wenye pumu, hasa ile isiyodhibitiwa. Kama umepewa dawa ya kuvuta ya kila siku, itumie kila siku, hata unapojiona huna shida.

Nisiache hapa ukadhani kwamba tukio lijalo lazima litakuwa kubwa kuliko lililopita. Halina kanuni hiyo. Linaweza kuwa dogo, linaweza kuwa kubwa, na hakuna kipimo cha damu kinachoweza kukuambia mapema. Kwa hiyo tunajiandaa kwa lile kubwa.

Kuhusu vyakula vingine. Kaa, kamba koche na aina zote za kamba, wa maji chumvi na wa maji baridi, wahesabu kuwa kitu kimoja, kwa sababu tropomiosini zao zinalingana kwa zaidi ya asilimia 90 na mwili wako hauwezi kuzitofautisha. Pweza, ngisi na chaza ni jamaa wa mbali zaidi, ambao protini yao hulingana na ya kamba kwa takriban asilimia 60. Baadhi ya wenye mzio wa kamba huwala bila shida na baadhi hudhurika. Kwako wewe, ambaye umeshapata anafilaksia, ushauri wangu ni kuwaacha hadi upimwe, si kujijaribia nyumbani kwa kipande kidogo.

Samaki ni habari njema. Tropomiosini ya wanyama wenye uti wa mgongo, samaki, kuku na ng'ombe, inafanana mno na yetu wenyewe, na mwili kwa kawaida hauihesabu kuwa adui. Wenye mzio wa samaki huwa wanadhurika na protini nyingine kabisa. Kama umekuwa ukila changu na nguru bila tatizo tangu tukio hilo, endelea. Tahadhari yako iwe kwenye mafuta na meza. Samaki aliyekaangwa kwenye karai lililotoka kukaanga kamba, au mishikaki ya samaki iliyopangwa juu ya jiko moja na ya kamba na ngisi, haina usalama kwako. Dagaa wakavu wa pwani nao waangalie vizuri kabla ya kuwaosha. Mwaga kiasi kwenye sinia, utandaze, na mara kwa mara utaona katikati yao uduvi waliojikunja, wekundu kidogo, wenye macho kama nukta mbili nyeusi. Hao ni kamba wadogo, na hatari yao ni ileile. Ukienda bara ukakaribishwa senene au kumbikumbi, kataa kwa adabu, kwa maana wadudu nao wana tropomiosini inayofanana na ya kamba.

Jirani yako amerudia kosa ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hulirudia. Madini joto ni elementi ambayo mwili wenyewe unaihitaji, na si protini. Unayala kila siku kwenye chumvi ya dukani, na hayajakudhuru. Usiache chumvi hiyo. Na siku ukihitaji kipimo cha siti-skani chenye dawa ya kung'arisha picha, mweleze mhudumu kuhusu mzio wako kama unavyoeleza historia nyingine yoyote, ila mzio wa kamba peke yake si sababu ya kunyimwa kipimo hicho.

Turudi kwenye piritoni. Dawa hiyo huzuia histamini isishike mahali pake, basi hupunguza kuwasha na mabaka. Haifungui koo lililovimba, haizibi mishipa inayovuja, na hata hiyo kazi yake ndogo huichukulia nusu saa au zaidi kuianza. Katika uchunguzi wa vifo vya anafilaksia uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2000, waliokufa kwa chakula nusu yao moyo au pumzi vilikuwa vimesimama ndani ya dakika 30 hivi. Unaona basi kwamba kumeza piritoni na kwenda kulala, tena peke yako chumbani, ni kuipa hatari muda ule ule inaouhitaji. Usingizi wa dawa pia huficha dalili za kuzidiwa.

Dawa ya anafilaksia ni moja, nayo ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati ya goti na nyonga. Kwa mtu mzima ni nusu miligramu, ambayo ni nusu mililita ya ampuli ya kawaida yenye miligramu moja kwa mililita. Kama baada ya dakika tano hakuna nafuu, huchomwa tena. Hubana mishipa iliyolegea, hufungua njia ya hewa na huzituliza seli zisizidi kumwaga histamini, yote ndani ya dakika chache. Kalamu zake zilizo tayari kwa kujichoma ni ghali na ni adimu kwetu, lakini ampuli zipo hospitalini na katika vituo vingi vya afya. Muulize daktari wako waziwazi kama unaweza kupata kalamu. Isipopatikana, mzungumze kama inafaa ukae na ampuli na bomba la sindano, kwa masharti kwamba wewe na mtu mmoja wa nyumbani mmefundishwa kuvuta kipimo sahihi, mnaitunza mbali na mwanga na joto, na mnaangalia tarehe ya kwisha kwake. Bila mafunzo hayo usifanye, kwa sababu kipimo kikikosewa, au dawa ikaingia kwenye mshipa badala ya msuli, adrenalini yenyewe inaweza kudhuru moyo.

Ikitokea tena, dalili za kukupeleka hospitali bila kusubiri ni hizi: sauti kukwaruza au kubadilika, kumeza kwa shida, kukorota au kubanwa kifua, kutapika mfululizo, kizunguzungu au kuzirai, hata kama ngozi haijatoka kitu. Mabaka hayaji kila mara. Lala chali, miguu ikiinuliwa, au kaa umeegemea kama kupumua ndiyo tabu. Usisimame ghafla wala kutembea kwenda kwenye gari, ubebwe, kwa sababu watu wamekata roho kwa kuinuka tu wakati damu imeshapungua kwenye mishipa. Kama una adrenalini ichomwe kwanza, ndipo mtafute usafiri. Dawa ya kuvuta ya pumu ifuate baada yake, isiitangulie. Na ukishapata nafuu hospitalini usiharakishe kuondoka, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila kula kitu kingine.

Kwa upande wa vipimo, uko kwenye wakati mzuri. Mara tu baada ya tukio kipimo cha ngozi kinaweza kudanganya, na kwa kawaida tunasubiri wiki nne hadi sita. Omba rufaa kwa daktari wa mzio au wa kifua katika hospitali kubwa. Atadondosha tone la dondoo la kamba kwenye mkono wako, atalichoma kidogo kwa ncha ya sindano, na baada ya robo saa atapima uvimbe. Uvimbe huo ukizidi kwa milimita tatu au zaidi ule wa tone la maji chumvi linalowekwa kando kwa kulinganisha, kipimo huhesabiwa kuwa chanya. Acha piritoni na setirizini wiki nzima kabla ya siku hiyo, maana zitauficha uvimbe. Pale ambapo kipimo cha ngozi hakipo, damu hupimwa kingamwili za kamba, na maabara nyingine hupima za tropomiosini peke yake. Hiki cha mwisho kikiwa hasi, usikisherehekee bado, kwa sababu kamba ana protini nyingine chache zinazoleta mzio, ingawa si mara nyingi kama hii. Na kinyume chake, mtu mwenye mzio wa utitiri anaweza kukutwa na kipimo chanya cha kamba ilhali anawala bila shida. Kwa hiyo usikubali mtu akuhukumu kwa karatasi ya maabara bila kusikiliza habari yako. Habari yako, dada, ni nzito kuliko karatasi. Kuhusu pweza na ngisi, daktari akiona inafaa atakulisha kidogo kidogo hospitalini, adrenalini ikiwa mezani, na hapo ndipo mahali pekee pa kujaribu.

Mwanao mwachie kamba wake. Mtoto anaweza kurithi mwelekeo wa kupata mzio, lakini harithi mzio wa kamba wenyewe, na kumwondolea chakula anachokila bila tatizo hakumkingi. Angalia tu, akianza kulalamika midomo inawasha au akatoka mabaka baada ya kula, usingoje mwaka kama ulivyongoja wewe. Kamba hao wapikwe nyumbani kwa bibi, na mtoto anawe mikono na mdomo kwa sabuni kabla ya kurudi kukukumbatia.